UZI WA MALALAMIKO: "Nyoa mara 9, ya 10 bure." Nimefika ya 10, naambiwa kadi imekufa

Baba_Wawili

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa bado na hasira, na ninachosema nina picha zake.

Saluni ya kiume ninayonyoa hapa mtaani, Tabata, mwezi wa kwanza walibandika tangazo mlangoni na kulirusha Watsapu: "HABARI NJEMA! Chukua kadi yako leo. Nyoa mara 9, ya 10 BURE. Ofa kwa wateja wote." Basi. Hakuna mstari mwingine. Nikapewa kadi ya manila ya njano yenye vidude kumi vya mashine ya kunyolea, kila ukinyoa unagongewa mhuri wa nyota wa wino wa zambarau.

Mimi nanyoa kila baada ya wiki mbili, tena Jumamosi, sijawahi kuruka. Mihuri tisa ikatimia. Jumamosi iliyopita nimeenda na kadi yangu, nikamwambia kabisa kijana kabla sijakaa, "Leo ni ile ya bure." Akaniambia kaa, mzee. Akaninyoa. Namaliza, dada wa kaunta anaigeuza kadi, anaangalia tarehe ya mhuri wa kwanza, ananiambia, "Baba, hii imeshapita siku 90, imekufa. Ni elfu sita."

Siku 90 zimetoka wapi? Akanionyesha tangazo jipya ukutani, limebandikwa juu ya lile la zamani, hata ncha ya karatasi ya zamani inaonekana pembeni. Humo ndiyo imeandikwa kadi inadumu siku 90. Kadi yangu haina neno hilo mbele wala nyuma. Watu wako foleni wananitazama kama nimekuja kunyoa bure. Nikalipa kwa simu na makato juu.

Halafu pigeni hesabu wenyewe. Kutoka kichwa cha kwanza hadi cha kumi kuna nafasi tisa. Anayenyoa kila wiki mbili anafika cha kumi siku ya 126. Ili uwahi ndani ya siku 90 unatakiwa unyoe kila siku kumi, bila kusafiri, bila kuumwa. Nani ananyoa hivyo? Aliyeweka siku 90 alijua wengi wetu hatutafika.

chuma_cha_pua

Mkuu elfu sita tu ndiyo unafungulia uzi? Hama saluni, maisha yaendelee.

Baba_Wawili

Ndugu, sijalalamikia elfu sita. Nimelalamikia kuahidiwa kwa maandishi, nikabaki na saluni moja miezi minne kwa ajili ya ahadi hiyo, na mwisho nikaaibishwa mbele za watu. Ningeambiwa kabla sijakaa kwenye kiti ningeondoka kimya.

Mama_Shukrani

Pole kaka. Mimi wa kusuka walinipa kadi kama hiyo, kila ukisuka mara tano unaoshwa nywele bure. Nikaipoteza kwenye daladala. Nilipoomba waangalie kwenye daftari wakasema hawaandiki. Hivi kama kadi imepotea una haki au huna?

Sheria_kidogo

Peleka TBS hao. Kutangaza ofa halafu kuibadilisha ni kosa.

mwanasheria_wa_mtaa

TBS ni viwango vya bidhaa na huduma, hili si lao. Tangazo la kupotosha mteja liko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ila kwa kichwa kimoja, anza na mwenye saluni uso kwa uso. Picha ya tangazo la kwanza na kadi isiyo na ukomo ndiyo silaha yako, usiwarudishie hiyo kadi hata wakikuomba "tukubadilishie".

Kinyozi_Mstaafu

Nimeshika mashine miaka 14, na minne ya mwisho nilikuwa na saluni yangu. Baba Wawili, naomba nikuulize: kabla ya hizo kadi kichwa kilikuwa bei gani?

Baba_Wawili

Elfu tano. Ilipanda wiki ile ile ya kadi, wakasema umeme na viwembe.

Kinyozi_Mstaafu

Basi hata wangekupa ya bure, ulishailipia. Vichwa tisa kwa 6,000 ni 54,000. Kwa bei ya zamani vichwa kumi vyote vilikuwa 50,000. Bei kupanda si kosa, umeme kweli unapanda. Lakini usiiite zawadi.

Kuna jambo la pili, na wateja hawalioni. Kwenye saluni nyingi kinyozi hana mshahara, anakula kwa kichwa. Nusu yake, nusu ya bosi, au chini ya hapo. Sasa kichwa cha bure, nani anamlipa kijana? Mabosi wengi hawamlipi. Ndiyo maana ukitaja kadi unaona mkono umebadilika. Haraka haraka, hapulizi spiriti kwenye mashine, ukingo wa paji unapigwa mara moja, ndevu haziguswi. Jiulize Jumamosi ulinyolewaje.

Baba_Wawili

Mzee wangu, umenigusa. Nina vipele shingoni tangu Jumapili. Na kweli sikusikia ule ubaridi wa spiriti. Nilidhani amesahau.

Kinyozi_Mstaafu

Hakusahau. Mimi nilikuwa namlipa kijana nusu yake hata kwa cha bure. Kwa bei yenu, vichwa tisa bosi anabaki na 27,000, akitoa 3,000 ya kijana bado ana 24,000. Hafi njaa. Na kadi iwe na namba, namba iwe kwenye daftari, tarehe iandikwe kila mhuri. Dada wa kusuka, hapo hata ukipoteza kadi unaonekana. Sisi tulianza kuandika namba baada ya kugundua kijana anawagongea washkaji mihuri miwili miwili, mhuri wenyewe ulikuwa wa kuchongesha Kariakoo na alichongesha wake.

Ila niwatetee wenye saluni kidogo. Kadi isiyo na ukomo inaua. Watu wanazitunza, wanakuja nazo wote mkesha wa Idi na Krismasi, siku ambayo kiti hakipoi. Nilipata siku moja ya hivyo, nikaapa. Dawa yake si siku 90. Andika tangu mwanzo, kwenye kadi yenyewe, kwamba cha bure ni Jumatatu hadi Alhamisi na mkesha wa sikukuu hakuna.

chuma_cha_pua

Hapo kwenye 54,000 nimekaa kimya. Naangalia kadi yangu hapa, nina mihuri sita tangu mwezi wa tatu.

mwanasheria_wa_mtaa

Geuza nyuma, kuna ukomo umeandikwa?

chuma_cha_pua

Upo. Miezi mitatu. Sikuwahi kuusoma.

Mama_Shukrani

Na mimi wa kadi iliyopotea mbona hamjanijibu vizuri? Wao hawana daftari.

Baba_Wawili

Mrejesho, wakuu. Leo nimeenda na picha. Mwenye saluni ameziangalia muda mrefu, akasema "wasichana walikosea", nije Jumanne kichwa cha bure kipo. Pesa yangu ya Jumamosi hajaitaja.

Wakati natoka nimemvuta pembeni yule kijana aliyeninyoa, nikamuuliza kama cha bure analipwa. Akaangalia ndani kwanza, akatikisa kichwa. Nimerudi ndani nikamwambia bosi sitaki cha bure, nataka elfu sita yangu ya Jumamosi. Amesema atanipigia. Simu iko hapa mezani, haijaita.