Nimechoka na hizi picha za chupa ya maji inayotoka kama imejazwa mtindi!

Fundi_Loleza:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe lugha.

Nina mteja anafungasha maji kwenye chupa za kioo huko Rungwe. Anataka picha ya bango: chupa imejaa maji, iko juu ya meza ya mbao, nyuma yake mashamba ya chai ya Tukuyu. Kwa mvua za kule na ukungu unaoshuka saa nane mchana, nikamwambia tutumie akili mnemba. Meza ikatoka safi. Chai imetoka mpaka unatamani kuichuma. Chupa sasa! Imesimama kama nguzo ya plastiki, ndani kijivu kizito, kivuli chake cheusi tii kama cha tofali. Mteja kaniuliza hadharani pale Mwanjelwa kama nimehamia kutangaza mtindi.

Kinachonipandisha presha zaidi ni hawa wanaouza "mafaili ya prompti" kwenye magrupu. Nimelipa. Nikapewa hii:

```
transparent glass bottle, crystal clear water, not solid, ultra realistic, 8k
```

Hizo 8k zinasaidia nini maji yaonekane maji? Mnatuuzia upepo! Na apu yenyewe inakata salio hata picha ikitoka takataka.

Tunduma_Kwetu:
Mkuu mbona rahisi. Ukimaliza, futa ile nyuma nyeupe kisha hifadhi kwa PNG, inabaki wazi. Mimi nembo za wateja wangu nafanya hivyo kila siku.

Fundi_Loleza:
Tunduma, soma tena. Sitaki kuondoa mandhari. Nataka mandhari yaonekane KUPITIA chupa.

Kijana_Uyole:
Tatizo mnaandika prompti bila fizikia. Weka `refraction, IOR 1.33` kwa maji, kioo weka 1.5. Kompyuta inapiga hesabu ya mwanga yenyewe. Kwenye programu ya 3D ya Blender nafanya hivyo na inatoka kama picha ya kamera.

Mama_Kihesa:
Kamwene wote. Mimi napiga picha za bidhaa hapa Iringa, chupa zimenizeesha.

Kijana, namba zako ni za kweli, ila umezipeleka kusiko. Blender inafuata kila mstari wa mwanga na kuupinda kwa hiyo namba, ndiyo maana inakutii. Hizi apu za kuchora kwa maneno hazipigi hesabu hiyo. Zimejifunza kutoka picha nyingi jinsi chupa inavyofanana, basi. Ukiandika 1.33 linakuwa neno kama mengine. Neno `refraction` huenda likavuta picha zenye kioo, lakini haliiambii nini kionekane ndani ya chupa yako wewe.

Fundi, acha kusifia kioo. "Angavu" na "safi" ni sifa, hazichoreki. Kinachochoreka ni kitu kilicho nyuma, namna kilivyopotoka. Tena hilo `not solid` litoe, kwa sababu umeshalitaja `solid` na mashine inaweza kukushikia hilo hilo. Kama apu yako ina kisanduku cha visivyotakiwa, peleka huko `opaque, milky, frosted`.

Sasa chukua chupa yoyote ya mviringo, ijaze maji mpaka mabegani, isimamishe dirishani uiangalie. Sehemu ya maji ni lenzi. Chupa ikiwa na upana wa sentimita 8, mwanga unaotoka mbali unakutana kama sentimita 4 nyuma ya chupa. Kitu kilicho karibu kuliko hapo unakiona kimenenepa tu. Kilicho mbali zaidi kinageuka, kushoto kunakuwa kulia, na kinabanwa kiwe chembamba. Juu na chini hakubadiliki, kwa sababu chupa imejipinda upande mmoja tu. Shingoni ambako kuna hewa, ukuta ni mwembamba, kwa hiyo shamba linaonekana karibu kama lilivyo.

Hapo ndipo pa kuikagua picha. Matuta ya chai yanayoegemea kulia nje ya chupa lazima yaegemee kushoto ndani ya maji, na juu ya mstari wa maji yarudi kuegemea kulia. Kama yanapita moja kwa moja toka nje mpaka ndani, hiyo chupa haina maji, hata kama imechorwa matone.

Fundi_Loleza:
Mama, nimejaza chupa ya sosi na kuiweka dirishani sasa hivi. Nguzo ya umeme ya jirani imehama upande! Mbona wauza mafaili hawalisemi hili?

Asali_Mafinga:
Samahani kudandia. Mimi nauza asali, na yangu inatoka kama oili chafu. Nayo inageuza vitu?

Mama_Kihesa:
Inageuza, tena inapinda mwanga kuliko maji. Ila asali yako ikiwa nyeusi, tatizo la kwanza ni mwanga. Taa ikitoka mbele, asali inakuwa ukuta. Andika kwamba mwanga unatoka nyuma ya chupa, rangi itawaka yenyewe. Ikiwa imeganda, achana na habari ya lenzi kabisa, hapo hakuna kinachopita.

Fundi, nawe mwanga uweke nyuma. Studio tukitaka kioo kionekane, tunaweka weupe nyuma na weusi pembeni, kingo za chupa zinapata mstari mwembamba mweusi. Na kivuli cha chupa ya maji hakiwi cheusi chote, ndani yake kuna mchirizi mkali wa mwanga. Jaribu hii:

```
clear glass bottle filled with water to the shoulder, wooden table,
rows of tea far behind, low sun from behind, thin dark glass edges,
tea rows inside the water mirrored left to right and squeezed,
bright streak of light inside the shadow
```

Fundi_Loleza:
Nimerudi. Kivuli kimekubali, kina ule mchirizi kabisa. Kingo safi. Kijivu kimeondoka. Lakini matuta hayageuki! Yanajikunja kidogo kama nyoka, kisha yanaendelea njia ile ile.

Mama_Kihesa:
Nilitarajia. Kugeuza kushoto kulia ndiko kunakozishinda. Saidia kwa mkono: kata kipande cha shamba kilicho nyuma ya chupa, kipana mara kadhaa kuliko chupa, kigeuze, kibane kwa upana tu, kibandike ndani kuanzia mstari wa maji kushuka. Kisha irudishe picha kwenye apu iilainishe. Kama ina `Denoising strength`, anzia 0.3. Ukipanda sana itakuchorea upya na kukurudisha ulikotoka.

Kijana_Uyole:
Sasa si bora ufanye Blender moja kwa moja? Kioo na maji unavitengeneza mara moja, mandhari unabadilisha utakavyo.

Mama_Kihesa:
Kwa mteja wa kila mwezi, nakubaliana nawe. Kwa bango moja, na kompyuta ya Fundi siijui, hapo sina neno.

Tunduma_Kwetu:
Ila tuseme ukweli, nani anapita barabarani anaangalia matuta yamegeukia wapi? Mnajitesa.

Fundi_Loleza:
Tunduma, mteja wangu hajasoma lenzi popote na alisema mtindi kwa sekunde moja. Anajua kuna kitu hakiko sawa, hajui tu akiite nini.

Kipande nimebandika, 0.3 imekubali kwenye maji. Tatizo jipya: lebo ya nyuma ya chupa, ile inayoonekana kupitia maji. Apu imeichora ndogo kuliko ya mbele. Mama, hiyo nayo ingetakiwa igeuke?

Mama_Kihesa:
Hapana, hiyo imegusa ukuta wa chupa, iko ndani ya zile sentimita 4. Haigeuki. Inatakiwa inenepe, karibu mara mbili kwa upana. Ichore mwenyewe, maandishi usiiachie apu.