Tupeane uzoefu: ubao wako unaupangaje ili hatua zisifutike kabla watoto hawajazishika?

Mwl_Darasa5
Walimu wenzangu, habari za jioni. Wiki hii mwenzangu aliniomba nikae kwenye kipindi chake cha hisabati, darasa la tano, watoto wamekaa watatu watatu hadi ukutani. Mada ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nilikaa dawati la mwisho kabisa, na huko nyuma ndiko nilikoona mambo. Mwalimu anafundisha vizuri, sauti anayo. Lakini kwenye swali la 3/4 + 5/6, alipofika kwenye kubadili 5/6 iwe ya kumi na mbili, mtoto aliyekuwa pembeni yangu aliinua kichwa kutafuta ile KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, imetoka wapi. Hakuikuta. Dasta ilikuwa imeshapita, na mahali pake kuna swali jingine. Akaangalia daftari la jirani, na jirani naye hakuwa nayo.

Naomba tusiongelee ukosefu wa madawati, tunaufahamu. Nauliza hivi: nani hupanga ubao kabla ya kuingia darasani, na anaupangaje?

Baba_Wawili
Mkuu, na mimi ubao wangu unasumbua sana. Ulipigwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye madirisha, chaki inateleza tu, haishiki. Rangi nzuri ya ubao inapatikana kwa bei gani siku hizi?

Mwl_Darasa5
Baba Wawili, hilo ni jingine, ila si mbali na hili. Subiri wanaojua.

Kiganja
Nimefundisha hesabu shule za msingi tangu ubao ulipokuwa unapakwa masizi, ngoja niseme ninavyofanya.

Ubao wangu ni ule wa kawaida wa upana wa sentimita 240 na kimo cha 120. Nachukua daftari la hesabu, lile la vyumba, nachora mstatili wa vyumba 24 kwa 12. Kila chumba ni sentimita 10 za ubao. Hapo tayari nina ubao mdogo mezani, na andalio langu la somo nalimalizia humo.

Kwanza nakata safu tatu za chini. Hizo sentimita 30 watoto wa nyuma hawazioni kwa sababu ya vichwa vya walio mbele. Nenda ukae nyuma uhakikishe, kwa mwingine ni 40. Safu ya juu kabisa ni ya tarehe na mada. Zinabaki safu nane. Herufi zangu zina kimo cha upana wa kiganja bila gumba, karibu sentimita 7 au 8, kwa hiyo mstari mmoja unakula safu moja. Ukiandika ndogo sana, aliye nyuma kabisa anabahatisha 3 na 8.

Sasa chukua swali lile lile la 3/4 + 5/6. Sehemu ina kiasi juu, mstari, asili chini, kwa hiyo inakula safu mbili. Andika hatua zote ambazo mtoto anazihitaji:

3/4 + 5/6, safu mbili.
KDS = 12, safu moja.
(3×3)/(4×3) + (5×2)/(6×2), safu mbili.
9/12 + 10/12, safu mbili.
19/12, ambayo ni moja na 7/12, safu mbili.

Jumla safu tisa. Ninazo nane! Na mwalimu ambaye hakupanga hugundua hilo akiwa amesimama mbele ya watoto, chaki mkononi, nafasi imekwisha. Hapo ndipo anaporuka ile hatua ya kuzidisha juu na chini, au anafuta swali lenyewe. Hatua inayorukwa ndiyo ile ile wanayokosea kwenye mtihani: utawakuta wamezidisha asili, kiasi wamekiacha.

Dawa niliipata kwenye daftari. Gawa ubao mapande matatu ya vyumba vinane vinane. Kwenye pande la kushoto swali linachukua vyumba vinne hivi kwa upana, kwa hiyo KDS 12 inakaa mstari ule ule, upande wake wa kulia. Safu zinakuwa nane kamili, na KDS iko jirani na swali, hatafuti.

Pande la kushoto halifutwi mpaka kengele. La katikati ni la mfano wa pili, 2/3 + 4/5, anaufanya mtoto, na kila hatua inakaa safu moja na mwenzake wa kushoto. Akikwama kwenye kumi na tano anageuza macho tu kushoto, mstari ule ule. Pande la kulia ni la kazi za pembeni: vigawe vya 4, vigawe vya 6, makosa ya watoto tunayoyajadili. Hilo ndilo dasta inaruhusiwa kuligusa, na zoezi nalo nalipandisha hapo mwishoni.

Madamu_Sayansi
Kiganja, nimekuelewa, ila mimi nina njia fupi. Naingia darasani wakati wa mapumziko, naandika kila kitu kabla hawajaingia. Kipindi cha dakika 40 chote nafundisha, siandiki. Jaribuni.

Kiganja
Madamu, kwenye muda uko sahihi. Mistari ya kugawa, tarehe, mada na swali la kwanza, hata mimi naviandika mapema. Lakini hatua zikiwa ukutani tayari, wakiingia wanafungua madaftari na kunakili. Wewe unaongelea KDS, wao wako kwenye jibu. Na hawaoni 9 imezaliwa wapi, wanaikuta imekaa tu.

Madamu_Sayansi
Wangu huwa nawaambia kalamu chini. Na mchoro wa moyo wenye vyumba vinne siwezi kuuchora mbele ya watu 80, utakula nusu ya kipindi.

Kiganja
Mchoro sawa. Hesabu bado sikubali.

Mkondo_B
Nyinyi mna bahati. Kwangu kipindi cha kabla ni cha mwalimu mwingine, anatoka mlangoni ubao umejaa mpaka kona. Nusu ya dakika zangu tano za kwanza ni vumbi.

Mwalimu wa Machakos
Hamjambo kutoka huku Kenya. Nilisikia neno bansho kwenye mafunzo ya SMASSE, ule mradi wa hisabati na sayansi ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa JICA. Ni namna ya Wajapani ya kutumia ubao. Kwao ubao mmoja unabeba somo zima: swali kushoto, fikra za wanafunzi katikati, walichokubaliana kulia, na hakifutwi kitu hadi mwisho. Mwalimu anachora mpango wa ubao kwenye karatasi akitayarisha somo, sawa na hivyo vyumba vya Kiganja.

Kitu kimoja nilichokichukua ni kuandika njia ya mwanafunzi iliyokosewa na kuiacha pale. Kwa hilo swali lenu, kuna atakayesema 8/10, amejumlisha juu na chini. Siifuti. Tukimaliza naomba walinganishe: 5/6 peke yake ni kubwa kuliko 8/10, sasa jumla inawezaje kuwa ndogo kuliko sehemu yake? Kama ningekuwa nimeifuta, hayo mazungumzo hayangekuwepo.

Lakini wenzetu wana ubao mrefu kuliko wetu, karibu ukuta mzima. Kwa ubao wangu wa futi nane silipati somo zima, nachagua.

Shoto
Mnaongelea mapande, hakuna aliyetaja mwili wa mwalimu. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Ukiandika kwa kulia, mwili wako uko kushoto ya mkono, kwa hiyo unaziba yale uliyokwisha kuandika. Mimi mwili wangu uko kulia, mbele ya maneno, watoto wanasoma ninavyokwenda. Hasara yangu ni mkono wa shati, unafuta nyuma yangu nisipouinua. Nyinyi wa kulia mkimaliza mstari sogeeni hatua mbili, msiongee mkiwa mmeuziba.

Na mwanga. Darasani kwetu dirisha liko kulia, asubuhi kona ile inang'aa kama bati kwa waliokaa kushoto. Chochote cha maana nisiweke hapo kabla ya saa nne. Baba Wawili, ndiyo maana rangi yako ya mafuta inakusumbua mara mbili: chaki haishiki, na inang'aa. Ikwangue kwa msasa mpaka mng'ao uishe, ndipo uweke rangi isiyong'aa.

Baba_Wawili
Asante Shoto. Na chaki za rangi je? Nimeletewa boksi la mchanganyiko.

Shoto
Nyeupe na njano. Nyekundu na bluu kwenye ubao mweusi ukiwa mbele unaziona nzuri, ukienda nyuma zimezama. Mimi njano naitumia kwa kitu kimoja tu kwa kipindi, kwa swali hilo ningeiweka kwenye ×3 na ×2. Ukipaka njano kila mahali, haimwonyeshi mtu kitu.

Mkondo_B
Niulize jambo la kero. Wakija wathibiti ubora, au hata mwalimu mkuu, wanataka juu ya ubao tarehe, somo, darasa, kipindi, mada, mada ndogo, waliopo wavulana na wasichana. Safu mbili zimeondoka. Kiganja, safu zako nane zinakuwa saba, mfano wako hautoshi tena.

Kiganja
Kweli. Mimi ya mahudhurio naiweka chini kulia, kwenye zile safu wasizoziona watoto. Anayeihitaji ni mtu mzima, atainama. Sijakatazwa mpaka leo, ila wa kwenu siwajui.

Mkondo_B
Wa kwetu atakataa huyo.

Mama_Chaki
Hiyo mistari ya kugawa mapande mnaichora upya kila siku? Yeyusha sukari, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, loweka chaki dakika kumi mpaka viputo viishe, kisha andika ikiwa bado mbichi. Mwanzoni haionekani vizuri, ikikauka inakolea. Dasta kavu haiitoi, inatoka kwa kitambaa kibichi tu. Nachora mistari miwili ya kusimama Jumatatu na nakaa nayo, hata mwalimu wa kipindi cha kabla akifuta ubao wote inabaki. Mkondo B, hii ni yako.

Ila ukipiga ubao maji, usubiri ukauke ndipo uandike kwa chaki ya kawaida. Chaki kwenye ubao mbichi inafifia, na ikikauka inang'ang'ania.

Mkondo_B
Sukari kwenye ubao? Sisimizi je?

Mama_Chaki
Sijawaona. Walikuja kwenye kikombe nilichosahau dirishani, huko ndiyo walijaa.

Mwl_Darasa5
Nimeshachora vyumba 24 kwa 12, kesho namwonyesha mwenzangu. Swali lililobaki: watoto wanakili lini? Kila hatua inapotokea, au mwishoni ubao ukiwa kamili?

Madamu_Sayansi
Mwishoni.

Shoto
Mwishoni dakika hazitoshi, kuna mikono inayoandika herufi moja kwa dakika. Mimi nawaachia baada ya kila pande.

Mwalimu wa Machakos
Kwangu wa pole wanamalizia wakati wa chai. Lakini hiyo inategemea mwalimu anayefuata kama ataukuta ubao na kuuacha.