Dodoso la "siri" linalouliza idara, jinsia, umri na mwaka wa kuajiriwa: maafisa utumishi, acheni kutuchezea akili

Kipimapembe (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, tusamehane mapema. Juu ya dodoso la maoni ya wafanyakazi mnaandika "majibu yako ni siri", halafu swali la kwanza ni idara, la pili jinsia, la tatu umri, la nne mwaka ulioajiriwa. Kwenye idara ya watu 12, mwanamke wa miaka 30 hadi 35 aliyeajiriwa 2021 ni mmoja tu, na kila mtu anamjua kwa jina. Siri iko wapi?

Na maswali yenyewe! "Je, unakubali kwamba kampuni inakujali na kukupa vifaa bora?" Hapo yamebanwa maswali mawili. Mwenye vifaa vizuri na bosi mkali ajibu nini? Atajaza "nakubali" yaishe. Baadaye mnatangaza kwamba asilimia kubwa wana furaha, mnakata keki, mnagawa fulana. Mwaka unaofuata watu wanajaza tatu tatu tatu mpaka chini bila kusoma, nanyi mnaanza kulalamika kwamba wafanyakazi hawana ushirikiano.

Msomali wa Takwimu

Mkuu, hasira yako ina haki, ila hatari kubwa zaidi iko kwenye ripoti kuliko kwenye dodoso. Wengi wanajua kanuni ya kutotoa matokeo ya kundi lenye majibu chini ya 10. Wanachosahau ni hesabu ya kutoa. Chukua ofisi iliyoleta majibu 20, na 11 hawaridhiki na msimamizi wao. Ukurasa wa pili wa ripoti ileile unasema: wenye zaidi ya mwaka mmoja kazini ni 19, wasioridhika 10. Makundi yote mawili yamevuka 10, lakini toa moja kwenye lingine. Amebaki yule mgeni mmoja, na jibu lake liko uchi. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, kila jedwali lipimwe kwa kutoa, na kama tofauti inaacha kikundi kidogo, mgawanyo mmoja ufutwe.

Halafu wanaotumia Google Forms: zimeni `Collect email addresses`, na mfahamu kwamba jedwali la majibu lina safu ya `Timestamp`. Ukituma kiungo kwa mtu mmoja mmoja na ukaona dakika jibu lilipoingia, huhitaji tena jina lake.

Binti Mkalimani

Dawa ni rahisi. Msiulize jinsia wala idara kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekataza.

Msomali wa Takwimu

Haijakataza, dada. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, wala zisizidi mahitaji ya kusudi hilo. Ukifuta kila kitu utaambiwa "mambo ni mabaya" bila kujua ni ghalani au kwa madereva. Mimi ningeuliza kitu kimoja tu: eneo la kazi, na maeneo yagawanywe ili kila moja lilete majibu zaidi ya 10.

Binti Mkalimani

Sawa kwa sheria, lakini ukiacha jinsia, wanawake 4 waliopo ghalani wanapotea ndani ya wanaume 30. Wao wakisumbuliwa, nani ataona?

Msomali wa Takwimu

Hapo umenibana. Dodoso si chombo cha kuwasikia watu 4. Inabidi pawe na njia nyingine ya kuripoti, na njia hiyo nayo lazima iaminike. Sina jibu safi.

Mwalimu wa Kata

Hii ndiyo PEPMIS? Mimi nimejaza majukumu yangu yote lakini msimamizi hajaidhinisha, mwenye uzoefu anisaidie.

Kipimapembe

Hapana mwalimu, PEPMIS inakupima wewe. Hapa tunazungumzia mfanyakazi kupima kazi na mwajiri. Fungua uzi wako, watakuja.

Dada Dodoso

Niongeze la lugha, maana wengi wanachukua dodoso la Kiingereza na kuligeuza usiku mmoja. Epukeni sentensi za kukanusha. "Sijawahi kunyimwa likizo: ndiyo au hapana?" Kwetu mtu akiulizwa "hujala?" anajibu "ndiyo, sijala". Mwingine atajibu "hapana, sijala". Wote wawili wana njaa, ila kwenye jedwali lako wanapingana. Na neno "uongozi" litupeni. Dereva akilisoma anamfikiria msimamizi wa zamu, mhasibu anamfikiria mkurugenzi. Andikeni "msimamizi anayekupangia kazi".

Ulizeni kilichotokea, si hisia peke yake. Badala ya "je, unathaminiwa?", weka "mara ya mwisho msimamizi anayekupangia kazi kukaa nawe kuzungumzia kazi yako ilikuwa lini?" na machaguo: wiki hii, mwezi huu, zaidi ya mwezi, haijatokea. Na wastani msiuchapishe peke yake. Watu 20 wakitoa 5 na 20 wakitoa 1, wastani ni 3, na bosi atasema "tuko katikati" wakati ofisi imepasuka vipande viwili.

Kipimapembe

Na baada ya hapo? Maana kinachoniudhi kuliko vyote ni kimya. Dodoso linafungwa, matokeo yanapelekwa hotelini kwa mameneja, aliyejaza hasikii tena kitu.

Dada Dodoso

Chukulia kampuni ya usafirishaji yenye madereva 29, na 22 wamejibu. Swali: "Kwa miezi 3 iliyopita, posho ya safari ilikufikia kabla ya kuondoka?" Kila mara 2, mara nyingi 3, mara chache 9, haijawahi 8. Yaani 17 kati ya 22 mara nyingi wanaingia barabarani bila hela ya chakula. Ndani ya siku 10 za kazi baada ya kufunga dodoso, namba hizo nne zinabandikwa ubaoni kama zilivyo, pale madereva wanaposaini karatasi za safari. Zisipambwe.

Kisha tafuta sababu, usikimbilie semina ya motisha. Hapo unaweza kukuta ombi la posho linahitaji saini mbili, linaandikwa saa 11 jioni, na mhasibu ameondoka saa 10. Basi kituo kipewe masurufu ya siku 3, maombi yafungwe saa 8 mchana, na meneja wa usafirishaji aandikwe kwa cheo kama mwenye jukumu. Kila Jumatatu ubaoni panaongezwa mstari mmoja: safari 31, posho kabla ya kuondoka 19. Wiki nyingine 26 kati ya 30. Dereva hahitaji ripoti ya kurasa 40, anasoma mstari ule akisubiri funguo.

Na lililoshindikana liandikwe vilevile: "Mliomba nyongeza ya posho, mwaka huu haipo, bajeti imefungwa, tutaliangalia Julai." Watu watakunja uso, ila wataona kwamba jibu lao lilisomwa.

Mzee wa Gereji

Na yale maoni ya kuandika kwa mkono wako? Mtu akiandika "gari langu lilikufa Dumila siku mbili", yard nzima inajua ni nani. Yanabandikwa?

Dada Dodoso

Yasibandikwe neno kwa neno, mzee. Andika "magari yanaharibika njiani na msaada unachelewa kufika", kisha useme yamesemwa na wangapi.

Kipimapembe

Hapo sasa meneja ndiye anayeandika upya maneno yangu. Na kama yule meneja ndiye niliyemlalamikia?