Chupa 14 za surua, watoto 63: nimekosea wapi?

Sista_Nyando: Hamjambo wenzangu. Niko zahanati ndogo upande wa Nyando, Kisumu, tuko manesi wawili. Mwezi jana niliagiza chupa 8 za chanjo ya surua na rubela, kila moja dozi 10, nikijua watoto hawazidi 65. Kabla ya katikati ya mwezi zikaisha, nikakimbilia stoo ya kaunti ndogo kuomba 8 zaidi. Mwisho wa mwezi nimefungua 14, na rejista ina watoto 63. Dozi 77 nimezitupa. Sasa naulizwa mbona zaidi ya nusu imepotea.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: jana napanga friji, nyuma kabisa nikakuta chupa 4 za zamani ambazo muda wake unaisha mwezi ujao. Nilikuwa naomba stoo na ninazo! Nisaidieni. Niwe nangoja watoto watimie kumi ndio nifungue?

Kliniko_Nakuru: Sista, mbona unatupa? Hapa kwetu penta iliyofunguliwa tunaandika tarehe kwenye chupa, tunairudisha kwenye friji, tunatumia hadi siku 28. Matone ya polio vilevile. Fanya hivyo na surua, upotevu utaisha.

MzeeWaLeja: Kijana, kwa penta na polio umesema sawa, mradi friji imekaa kati ya digrii 2 na 8. Kwa surua, hapana kabisa. Ile ni unga, na ukishaichanganya na maji yake haina dawa ya kuzuia vijidudu. Vikiingia kwa sindano vinazaana humo, na mtoto wa tatu au wa nne atakayechomwa anaweza kufa. Ni saa 6 baada ya kuchanganya, au kliniki ikifungwa mapema, basi. Andika saa kwenye chupa, si tarehe.

Sista, nimeshika leja za chanjo Bungoma miaka mingi. Kosa lako lilianza kwenye kuagiza. Ulihesabu watoto, lakini chupa huisha kwa idadi ya siku unazofungua. Unachanja kila siku?

Sista_Nyando: Nachanja mama yeyote akija. Nimeangalia rejista, nilifungua siku 14, chupa moja kila siku.

MzeeWaLeja: Basi ni watoto wanne na nusu kwa chupa. Tangaza siku mbili za surua kwa wiki, mojawapo iwe siku ya soko. Hizo ni kama siku 9 kwa mwezi, watoto 7 kila siku. Chupa 9. Ongeza 2 za siku zisizopangwa, ni 11. Ongeza robo yake ya akiba, ni 14. Toa zilizomo kwenye friji, agiza zinazobaki. Na maji ya kuchanganyia yawe idadi ileile, yaliyokuja na chanjo hiyohiyo.

MamaMapacha: Samahani, mimi si mhudumu wa afya, ni mzazi tu hapa Kakamega. Hiyo ya kungoja watimie kumi ilinipata. Wangu walikuwa na miezi 9, nikaambiwa rudi kesho, watoto ni wachache. Nauli ya watu watatu nilikuwa nimemaliza. Nilirudi wakiwa na miezi 14. Tafadhali msitufanyie hivyo.

MzeeWaLeja: Pole sana mama. Ndiyo maana nimeweka zile mbili za ziada. Mtoto akifika siku isiyo yake, fungua, hata awe mmoja.

Kliniko_Nakuru: Lakini Mzee, stoo watamhoji tena. Na kuna chupa za dozi 5 zinazotengenezwa, mbona vituo vidogo visipewe hizo?

Sista_Nyando: Asante Mama Mapacha, sitangoja kumi. Mzee, kwenye friji ninazo 6: zile 4 za zamani, na 2 zilizokwenda kliniki ya kijijini zikarudi bila kufunguliwa. Kwa hiyo naagiza 8. Za zamani nimezileta mbele, mpya zitaingia nyuma.

MzeeWaLeja: Kabla hujaanza na hizo 4, angalia vifunikoni. Ule mraba ndani ya duara ukoje?

Sista_Nyando: Nimezishika sasa hivi. Zile 4 mraba ni mweupe. Hizi 2 zilizotoka safari mraba umeshaingia kijivu, ila haujafikia rangi ya duara. Muda wake unaisha mwaka ujao.

MzeeWaLeja: Hizo 2 ndizo za kwanza. Zimeonja joto. Hapo usifuate tarehe, fuata mraba. Ukilingana na duara, haitumiki tena. Kisha ufuate na zile 4.

Sista_Nyando: Nimeziweka kwenye kikombe mbele, nimeandika "KWANZA". Kesho ni soko. Swali moja limebaki: wakija 12, nifungue ya pili kwa ajili ya wawili?

Kliniko_Nakuru: Mimi ningewaambia hao wawili waje siku inayofuata.

MamaMapacha: Fungua, Sista.