Tupeane uzoefu: wiki 3 kabla ya mtihani wa uchambuzi wa miundo, ulijipangaje?

mtoto_wa_boriti: Wakuu, nipo mwaka wa 3 sivil. Zimebaki wiki 3. Boriti za kawaida naziweza, ila zenye egemeo la ziada ndizo zinanikwamisha. Waliopita hapa walianzaje?

Fundi Mstaafu: Mimi wiki ya kwanza nilichora tu michoro ya sheya na momenti, boriti 4 kwa siku. Ya pili yote niliipa njia ya Hardy Cross ya kugawa momenti. Ya tatu pasti pepa kwa saa ya ukutani, daftari limefungwa.

chuma_16: Hardy Cross ni nyepesi. Mwisho jumlisha nguvu za maegemeo, zikilingana na mzigo umepata, songa mbele.

Dada Sheya: Hapo ndipo nilipoangukia mimi nikala sapu, kwa hiyo niandike kirefu. Boriti ABC, AB mita 6, BC mita 4, mzigo 20 kN kwa kila mita, A na C ni pini. Momenti za ncha zilizobanwa ni 60 na 26.67. Mgao wa B ni 0.4 na 0.6. Niligawa tofauti ya 33.33 moja kwa moja, nikapata 46.67 pande zote mbili za B. Maegemeo yakajumlika 200 kN sawasawa. Nikafurahi, kumbe nimekosa.

Pini haishiki momenti. Ile 60 ya A lazima uiachie kwanza, nusu yake ihamie B: 60 inakuwa 90, na 26.67 inakuwa 40. Sasa tofauti ni 50. Ukigawa, 90 − 20 = 70 na 40 + 30 = 70. Jibu ni 70 kN·m.

chuma_16: Lakini jumla ya maegemeo bado ni 200?

Dada Sheya: Bado 200. Jumla hiyo inalingana kwa momenti yoyote utakayoweka B, ndiyo maana haikuonya. Hakiki kwa ekwesheni ya momenti tatu: `2*M*(6+4) = 20*(6^3+4^3)/4`, inatoa 70. Mistari miwili tu. Wiki yangu ya pili kwenye marudio ilikuwa hivyo: kila swali njia mbili.

mama_kokoto: Mimi nondo za boriti ndizo zilinisumbua, hasa nafasi za ringi karibu na nguzo.

Fundi Mstaafu: Hiyo ni usanifu wa zege, mama, mtihani mwingine. Ila Dada Sheya, njia mbili kwa kila swali zinakula muda. Mimi ningeshika moja tu.

Dada Sheya: Kwenye chumba cha mtihani sawa, moja. Nyumbani sikubali.

mtoto_wa_boriti: Nimerudia ya kwangu ya jana. Ncha ya C ilikuwa pini na sikuiachia. Naanza upya usiku huu.