Naomba ushauri: Bango la banda la Sabasaba lisomeke kwa mpita njia

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri kuhusu bango la kusimama, lile linalovutwa kutoka kwenye kasha lake, lenye upana wa sentimita 85 na urefu wa sentimita 200, kwa ajili ya banda letu la mashine ndogo za kukamua alizeti katika maonesho ya Sabasaba.

Bango la mwaka jana lilikuwa na nembo juu, huduma sita katikati na namba ya simu chini, ambayo meza iliifunika kabisa. Nilisimama mita tano mbele yake nikahesabu hadi tatu, nami mwenyewe niliyeyaandika maneno yale nikaambulia nembo tu.

Sasa nimebakiza maneno matatu, "Kamua alizeti mwenyewe", kila neno mstari wake, herufi nene za sentimita kumi, yakianzia usawa wa macho kwenda juu. Nimekwama kwenye picha: je, chini ya maneno niweke mashine, ambayo kwa mbali hufanana na kinu cha kusagia nyama, au mafuta yakichuruzika kwenye chupa?