Rejesho moja limenizalia ada tatu, na bado naitwa mdaiwa!

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Rejesho langu la mkopo ni 5,000, mkopeshaji hulikata moja kwa moja kwenye akaunti tarehe 28, siku ya mshahara. Mwezi huu 28 imeangukia Jumapili, kila kitu kikasogea Jumatatu. Makato yakapita alfajiri, mshahara ukaingia saa nne asubuhi. Akaunti ilikuwa na 4,960. Pungufu 40! Hawakuchukua hata iliyokuwepo, wakakataa yote. Benki ikanikata ada, mkopeshaji akaweka faini ya kuchelewa.

Sikutaka kulala na deni, nikalipa mwenyewe jioni ileile. Jumatano wakakata tena, safari hii pesa ipo, ikaenda. Alhamisi agizo langu la kudumu la kodi ya nyumba likakosa salio. Ada ya tatu hiyo!

Tausi22: Pole sana. Nenda benki ufute hayo makato, yaishe. Mimi nilifuta ya kwangu.

KaraniMstaafu: Tausi, kufuta kunazuia makato, deni linabaki palepale. Tarehe ikipita hujalipa, umechelewa, na mkopeshaji anaweza kukuripoti.

Mleta uzi, agizo la kudumu unaliamuru wewe, lakini haya makato mkopeshaji ndiye anayeyaita. Benki haijui kwamba umeshamlipa pembeni. Akikosa mara ya kwanza, mara nyingi hurudia baada ya siku chache. Kabla ya kulipa mwenyewe, mpigie umuulize atarudia lini, na akubali kwa maandishi kusitisha. Sasa mdai akurudishie rejesho hilo la pili pamoja na ada ya kodi, maana imetokana nalo. Ada ya kwanza na faini siwezi kukuahidi kwamba zitarudi. Halafu omba tarehe isogezwe siku tatu nne baada ya mshahara, ila uliza kwanza riba ya siku hizo.

Bakari_K: Mimi kuna huduma inanikata kwenye kadi kila mwezi, na programu yake nilishaitoa kwenye simu. Ndiyo hayohayo?

KaraniMstaafu: Hapana Bakari, hiyo ni idhini ya kadi. Kutoa programu hakusitishi kitu. Ingia kwenye akaunti yako ya hiyo huduma ujiondoe, wakiendelea ndipo uende kwa waliokupa kadi.

Mleta uzi: Nimewapigia. Wanasema la pili "limehesabiwa la mwezi ujao". Sijawaomba! Na mwenye nyumba ananisubiri, hilo agizo la kodi litajirudia lenyewe?

KaraniMstaafu: Usilitegemee. Benki nyingine hujaribu tena siku ileile tu, kisha husubiri mwezi ujao. Waulize, halafu mtumie kodi kwa mkono leo. Na hilo la "mwezi ujao" usilikubali kwa simu, wakuandikie kwamba tarehe 28 hawatakata.

Tausi22: Na wakikataa kuandika?